Kukana Mara Mbili kwa Kiingereza: Lipi Kosa, Lipi Lahaja?

Mwanafunzi mmoja ameandika "I didn't see nobody", akikusudia kusema kwamba hakumwona mtu. Mwenzake ameandika "Anybody did not come", akikusudia kusema kwamba hakuna aliyekuja. Mwalimu wa Kiingereza atazikosoa sentensi zote mbili, ila ya kwanza ndiyo itakayomkera zaidi, kwa kuwa imevunja kanuni ambayo karibu kila aliyepita shule anaikumbuka: ukikana mara mbili, umekubali. Ya pili ataiona kama kujikwaa kwa mtu anayeendelea kujifunza.

Wanaisimu huzipanga kinyume. Sentensi ya kwanza husemwa kila siku na watu wengi sana waliozaliwa katika Kiingereza, kuanzia mitaa ya London hadi Harlem na milima ya Appalachia huko Marekani. Haimo katika Kiingereza sanifu, kile cha vitabuni, ofisini na kwenye mitihani, lakini ina kanuni zake na wanaoisema hawabahatishi. Sentensi ya pili haisemwi na karibu wazawa wote wa Kiingereza, msomi kwa asiyesoma. Ya kwanza imetoka nje ya usanifu, na ya pili imetoka nje ya Kiingereza cha karibu wazawa wote. Anayetaka kuona tofauti hiyo inatoka wapi hana budi kujua kwanza Kiingereza kilivyokuwa kikikana zamani, kisha ajue neno "any" linaishi wapi.

Neno "not" lilianza kama nyongeza

Katika Kiingereza cha kale, yapata miaka elfu moja iliyopita, kikanushi kikuu kilikuwa silabi fupi "ne" iliyotangulia kitenzi. Aliyetaka kusema "sisemi" alisema "ic ne secge". Silabi hiyo ilikuwa na tabia ya kujibandika kwenye maneno mengine, na alama zake tunaziona hadi leo katika herufi "n" inayoanzisha maneno ya kukana: "no", "none", "never", "neither", "nor". Neno "never", kwa mfano, ni "ne" iliyoungana na neno lililozaa "ever" ya leo.

Kwa kuwa "ne" ilikuwa fupi na hafifu masikioni, wasemaji walizoea kuitia nguvu kwa neno jingine baada ya kitenzi. Neno moja lililotumika hivyo lilikuwa "nawiht", lenye maana ya "hata kitu". Kwa karne kadhaa lilimomonyoka mdomoni hadi likawa "not". Kwa hiyo kulikuwa na kipindi ambapo Mwingereza alikana kwa maneno mawili katika sentensi moja, "ne" mbele ya kitenzi na "not" nyuma yake, wala hakuna aliyedhani kwamba anakubali. Baadaye "ne" ilififia kabisa, na ile nyongeza ikabaki peke yake na kazi yote. Mwanaisimu wa Denmaki, Otto Jespersen, aliieleza safari hiyo mwaka 1917 katika kitabu chake kuhusu ukanushi, na akaonyesha kuwa lugha nyingine pia zimepita njia hiyo. Kifaransa kinaipita leo: kinakana kwa "ne" na "pas" kwa pamoja, na katika mazungumzo ya kawaida "ne" mara nyingi inadondoshwa.

Kurundika vikanushi hakukuwa lugha ya wasiosoma. Geoffrey Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400 na ambaye Waingereza wanamhesabu miongoni mwa mababa wa fasihi yao, alimsifu shujaa wake mmoja kwa sentensi yenye vikanushi vinne, na maana yake ikabaki kukana. Shakespeare naye, miaka mia mbili baadaye, alikana mara mbili na mara tatu pale alipotaka.

Mambo yalianza kubadilika katika karne ya 16. Watafiti waliosoma barua za Waingereza wa enzi hizo wameona kwamba kikanushi cha pili kilianza kupungua katika maandishi ya wanaume wenye elimu, hasa watu wa sheria na wa ngazi za juu serikalini, kisha mtindo huo ukaenea. Pale walipokuwa wakiandika "nothing" au "never" baada ya "not", walianza kuandika "anything" na "ever". Kadiri kikanushi cha pili kilivyorudi nyuma katika maandishi, ndivyo "any" lilivyochukua kiti chake. Tofauti kati ya "I don't know nothing" na "I don't know anything" imetokana na njia hizo mbili: wengi waliendelea na ya zamani, na maandishi yakafuata mpya.

Hoja ya hesabu

Kanuni ya kwamba vikanushi viwili hufutana ilikuja wakati mabadiliko hayo yamekwisha kushika mizizi katika maandishi. James Greenwood aliiandika katika kitabu chake cha sarufi mwaka 1711. Anayetajwa zaidi ni Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa askofu wa London, ambaye sarufi yake iliyoanza kutoka mwaka 1762 ilisomwa sana mashuleni na kunakiliwa na waandishi wengine. Watu hawa hawakuliua tendo la kukana mara mbili kama inavyosimuliwa mara nyingi. Walikuta waandishi wamekwisha kuliacha, nao wakaupa uamuzi huo sababu ya kimantiki: hasi mbili hufanya chanya.

Sababu hiyo inaonekana imara hadi uiwekee kikanushi cha tatu. Kwa hesabu, hasi tatu hurudi kuwa hasi, kwa hiyo "Nobody never said nothing" ingepaswa kukubalika na wenye kanuni hiyo kama njia halali ya kukana. Hakuna mwalimu anayeikubali kwa msingi huo. Zaidi ya hapo, Kihispania sanifu kinamtaka msemaji akane mara mbili katika sentensi ya "sioni kitu", na Kirusi sanifu kinamtaka arundike vikanushi vitatu katika "hakuna ajuaye chochote". Wasemaji wa lugha hizo wanaelewana, na wanahesabu wao ni hodari kama wa kwingineko.

Kiswahili nacho kina ukanushi usiotii hesabu. Tunasema "fagia kabla mgeni hajafika", na "hajafika" pale haikani kwamba mgeni atafika. Lugha hutumia vikanushi kwa kanuni zake yenyewe, na kanuni hizo hutofautiana kati ya lugha na lugha, na hata kati ya lahaja na lahaja ndani ya lugha moja.

Ni kweli kwamba Kiingereza sanifu kina vikanushi viwili vinavyofutana kwa makusudi. "It is not uncommon" maana yake ni kwamba jambo hilo hutokea, ila msemaji hataki kwenda hadi kusema ni la kawaida. "I can't not go" maana yake ni kwamba hana namna ya kukwepa kwenda. Hapa kila kikanushi kinafanya kazi yake peke yake juu ya kitu chake. Katika "I didn't see nobody" ya mitaani, kikanushi ni kimoja kimaana, nacho kimetiwa alama mara mbili. Anayeisikiliza kwa hesabu anasoma alama kama kwamba ni tendo.

Kanuni za mitaani

Miaka ya 1960 mwanaisimu William Labov aliwarekodi vijana Weusi wa Harlem, New York, wakati ambapo baadhi ya wataalamu wa elimu walidai kwamba watoto wa namna hiyo hawana lugha yenye mantiki. Mwaka 1972 alichapisha makala ndefu kuhusu ukanushi wao. Alichokiona ni utaratibu unaobana kuliko wa Kiingereza sanifu. Kitenzi kikishakanushwa, kila neno lisilotaja kitu mahsusi linalofuata ndani ya kishazi hicho nalo huchukua alama ya kukana, karibu bila kukosa: "a" na "any" zinakuwa "no", "ever" inakuwa "never", "anybody" inakuwa "nobody".

Msemaji wa lahaja hiyo hatupi vikanushi ovyo. Neno linalotaja kitu mahsusi haliguswi: atasema "I didn't see John", na hatakwenda kumbandika John kikanushi cha pili. Anaweza kutanguliza kitenzi kisaidizi kilichokanushwa na kusema "Didn't nobody come", ambayo kwa mgeni inasikika kama swali, kumbe ni taarifa yenye mkazo kwamba hakuja mtu hata mmoja. Lakini hawezi kuutumia mpangilio huo pale ambapo kiima ni jina la mtu, kwa sababu ruhusa hiyo imetolewa kwa viima vya aina ya "nobody" tu.

Hapo ndipo penye kipimo kikuu cha lahaja: ina sentensi inazozikataa. Anayekosea kwa kutojua hukosea huku na kule, leo hivi na kesho vile. Msemaji wa lahaja hufuata njia ileile kila mara, wenzake wakamwelewa vilevile kila mara, na ukimletea sentensi iliyovunja utaratibu wa kwao anaikunjia uso kama mwalimu yeyote.

Kwa kipimo hicho, hata "any" lenyewe lina matumizi yanayoshangaza. Katika sehemu za Pennsylvania, Ohio na majimbo jirani, mzawa wa Kiingereza anaweza kusema "Gas is expensive anymore", akimaanisha kwamba siku hizi petroli ni ghali. Wamarekani wa kwingine wanaweza kudhani amekosea, kwa kuwa kwao "anymore" lazima itanguliwe na kukana. Hajakosea. Wazazi na majirani zake husema hivyo, kwa maana hiyohiyo ya "siku hizi", na wanaelewana barabara.

"Any" linaishi wapi

Shuleni wengi tulifundishwa kwamba "some" ni ya sentensi za kukubali, na "any" ni ya kukana na kuuliza. Kanuni hiyo inafaa kwa kuanzia, kisha inavunjika. "If you see anybody, call me" haikani wala haiulizi. "He left without any money" haina "not". "She cleaned the house before anybody arrived" ni taarifa ya kukubali kabisa. Zote ni Kiingereza safi.

Mwaka 1979 William Ladusaw, katika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Texas, alitoa maelezo ambayo hadi leo wanaisimu huanzia hapo. Tuyaweke kwa mfano wa tunda na embe. Nikisema kwa kweli kwamba Juma amekula tunda, huwezi kuhitimisha kwamba amekula embe, kwani huenda alikula papai. Lakini nikisema kwa kweli kwamba hakuna aliyekula tunda, basi ni lazima iwe kweli kwamba hakuna aliyekula embe. Sentensi ya pili inakuruhusu kushuka kutoka kundi kubwa hadi dogo bila ukweli kuharibika, na ya kwanza haikuruhusu. Kwa Ladusaw, "any" huota pale panaporuhusu kushuka.

Jaribu na sentensi zilizotangulia. Ukiambiwa "ukila tunda utaugua", umekwisha kuambiwa kwamba ukila embe utaugua. Aliyeondoka bila tunda ameondoka bila embe. Aliyenawa kabla ya kula tunda lolote amenawa kabla ya kula embe. Mahali pote hapo panashuka, na pote hapo "any" linakubalika.

Uzuri wa maelezo haya unaonekana zaidi kwenye neno "every". Kiingereza kinakubali "Every student who has any question should stand up", yaani kila mwanafunzi mwenye swali lolote asimame. Kinakataa "Every student has any question". Sentensi zote mbili zinakubali, zote zina "every", sasa tofauti iko wapi? Pima kwa tunda. "Kila aliyekula tunda aliugua" inashuka: kila aliyekula embe aliugua. "Kila mwanafunzi alikula tunda" haishuki: huenda mmoja alikula papai. Mzawa wa Kiingereza hajawahi kufundishwa jambo hili darasani, lakini sikio lake linalijua tangu utotoni.

Maelezo haya yana mipaka. Maswali kama "Do you have any money?" hayapimiki vizuri kwa njia hiyo, kwa kuwa swali halina ukweli wa kushuka nao, na wataalamu wamelazimika kuyatafutia maelezo ya ziada. Vilevile kuna "any" ya pili, ile ya "yeyote umtakaye". "Any child can do this" maana yake ni kwamba hata ukichagua mtoto gani, ataweza. Hii haihitaji kukana wala kushuka. Inahitaji sentensi inayotaja uwezo, ruhusa, kanuni au jambo la siku zote. Ukiitia katika taarifa ya tukio moja lililokwisha pita, kama "Any child did this yesterday", inakufa.

Mahali ambapo msemaji wa Kiswahili hunaswa

Sasa tunaweza kuirudia "Anybody did not come" na kusema kasoro yake hasa. Inataja tukio moja lililopita, kwa hiyo si "any" ya kuchagua umtakaye. Inabaki ile "any" inayohitaji kukana, na hiyo ina sharti moja zaidi: kikanushi kinatakiwa kiitangulie na kiitawale. Hapa kiima kimesimama mwanzoni, na "not" inakuja nyuma yake ikiwa imechelewa. Labov aliliona sharti hili katika lahaja alizozichunguza, sanifu na zisizo sanifu: kiima cha aina hiyo kikiwa mbele, lazima kikanushi kihamie kwake, kiwe "nobody". Lahaja zinatofautiana katika jambo linalofuata tu, yaani kama kikanushi hicho kirudiwe mbele ya safari au la.

Kiswahili hakina sharti hilo. Tunaweza kusema "hakuja mtu yeyote", na tunaweza kusema "mtu yeyote hakuja", na zote zinaeleweka. "Yeyote" haijali kama kikanushi kimetangulia au kimefuata. Kwa hiyo anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza anaweza kupanga maneno kwa utaratibu wa kwao: "Any person did not come", "Any mistake was not found", "Anything has not been done". Kila neno liko sahihi likiwa peke yake, ndiyo maana kasoro hii hujificha hata katika taarifa za ofisini. Dawa yake ni ya kiufundi kabisa: ukiona "any" imetangulia "not" katika taarifa ya jambo lililotokea, vuta kikanushi kije mbele. "Nobody came." "No mistake was found." "Nothing has been done."

Tahadhari moja. Tangazo la shule linalosema "Any student who has not paid the fees will not sit for the examination" ni Kiingereza sanifu, ingawa "any" imetangulia na "not" zinafuata. Hiyo ni kanuni inayomhusu mwanafunzi yeyote atakayekuwa katika hali hiyo, na "any" yake ni ile ya pili. Ukiibadilisha iwe taarifa ya jana, "Any student did not sit for the examination", ruhusa hiyo inaondoka.

Mtego mwingine ni ile "kabla" yetu. Kwa kuwa tunasema "kabla hajafika", baadhi ya wanafunzi huandika "before he has not arrived". Neno "before" halidai kitenzi kilichokanushwa namna hiyo, kwa hiyo iandikwe "before he arrives". Kukana mara mbili kwa mitaani hakuwezi kuitetea sentensi hii, kwani hakuna jamii ya wazawa iliyozoea kusema hivyo.

Wazo moja, sentensi saba

Tuchukue wazo moja, "hakuna aliyeniambia chochote", tulipitishe katika njia mbalimbali tuone kila moja inasimama wapi.

"Nobody told me anything" ni sanifu. Kikanushi kimoja kiko mbele, na "anything" inakaa chini yake. "I was not told anything by anybody" pia ni sanifu, ingawa nzito: "not" imetangulia, na "any" zote mbili zimeifuata.

"Nobody told me nothing" si sanifu, lakini ni mali halali ya lahaja nyingi za Uingereza na Marekani. Ukiisoma kwa masharti ya usanifu inapata maana ya ajabu, kwamba kila mtu aliniambia walau kitu kimoja. Msemaji wa Kiingereza sanifu akitaka kweli maana hiyo atalazimika kutia mkazo mkubwa wa sauti kwenye "nothing", na mara nyingi atakuwa akimpinga mtu aliyetangulia kusema. Bila mkazo huo, hata wasioisema huielewa kama kukana kwa kawaida. Hofu kwamba sentensi hizi huwachanganya wasikilizaji haina mashiko katika mazungumzo halisi.

"Nobody didn't tell me nothing" inasogea mbali zaidi na usanifu, na wapo Waingereza wanaosema ile ya juu ambao hawasemi hii. Inasikika katika Kiingereza cha Wamarekani Weusi na miongoni mwa baadhi ya Wazungu wa kusini mwa Marekani. "Didn't nobody tell me nothing", yenye kitenzi kisaidizi mbele, ni ya jamii hizohizo, na inafuata kanuni ya kutanguliza tuliyoieleza.

"Anybody didn't tell me anything" na "Anybody told me nothing" karibu hazina kwao. Ukiuliza London, Harlem, Appalachia au ukumbi wa chuo kikuu, zitakataliwa kote, kwa sababu ileile: "anybody" imesimama mbele bila kikanushi cha kuitawala.

Kati ya saba, mbili ni sanifu, tatu ni lahaja, na mbili ni makosa. Mwalimu atakayekosoa tano zote kwa neno moja, "wrong", atakuwa amemficha mwanafunzi jambo. Mwenye kuandika mojawapo ya zile tatu anahitaji kuambiwa kwamba muundo huo upo, huenda ameupata katika filamu na muziki wa Kimarekani, na mtihani hauupokei kwa kuwa unapima Kiingereza sanifu. Mwenye kuandika mojawapo ya zile mbili anahitaji kufundishwa mahali pa kuweka kikanushi.

Kosa lililovaa nguo rasmi

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba makosa ya kweli ni ya wageni tu, na wazawa wana lahaja tu. Mwaka 1979 wanasaikolojia Peter Wason na Shuli Reich walichapisha uchunguzi wa sentensi ambayo haina neno hata moja la mitaani: "No head injury is too trivial to ignore." Watu wengi, wasomi wakiwemo, huisoma kuwa inasema kwamba jeraha la kichwa, hata likiwa dogo vipi, lisipuuzwe.

Isome polepole. "Too trivial to treat" maana yake ni dogo mno kiasi cha kutotibiwa. Basi "too trivial to ignore" maana yake ni dogo mno kiasi cha kutopuuzwa, na hapo tayari pana kiroja, kwa kuwa udogo wa jeraha ndio sababu ya kulipuuza. Sasa rudisha "no" mwanzoni: hakuna jeraha la kichwa lililo dogo kiasi hicho. Kwa maneno mengine, majeraha yote, hata yaliyo madogo sana, yanaweza kupuuzwa. Sentensi inasema kinyume cha ilichokusudiwa.

Hii ni tofauti na "I didn't see nobody" kwa kila kipimo. Haina jamii iliyoufanya muundo huu kuwa desturi yake. Msemaji wake, akionyeshwa hatua kwa hatua, hukubali kwamba hakukusudia hivyo, na akipewa nafasi ataiandika upya. Imetokea kwa sababu vikanushi vya wazi na vilivyojificha, yaani "no", "too" na "ignore", vimekuwa vingi kuliko uwezo wa akili kuvifuatilia kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo msomaji ameacha kuhesabu na kubuni maana inayoelekea kufaa. Katika lahaja kikanushi cha pili hakihesabiwi. Hapa kila kimoja kinahesabiwa, na hesabu imeharibika.

Makosa ya namna hii yapo zaidi katika maandishi rasmi kuliko mitaani: kwenye mikataba, matangazo ya afya na hotuba, ambako maneno kama "fail", "deny", "avoid", "prevent" na "unless" hukusanyika karibu na "not". Namna ya kuyanasa ni kuviondoa vikanushi viwili viwili na kuuliza kila mara kama maana imebaki ileile. "You must not fail to avoid delay" inapoteza "not" na "fail" kwa pamoja na kubaki "You must avoid delay", kwa hiyo ilikuwa salama. Sentensi ya jeraha la kichwa haitoki katika jaribio hilo bila kufichuka, na marekebisho yake ni ya neno moja tu: "No head injury is too trivial to treat."